Tageti Iliyojaza Malori na Tageti Iliyoponza Benki

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya mbao ya Weyerhaeuser ilikuwa na tatizo la malori katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Malori hayo yalisomba magogo kutoka msituni hadi kiwandani, na kila lori lilikuwa na kikomo cha uzito kilichowekwa kisheria. Yakipimwa, yalionekana kubeba kwa wastani takribani asilimia 60 tu ya mzigo ulioruhusiwa. Kampuni ilikuwa inalipia mafuta, matairi na mishahara ya safari nzima, kisha inapokea zaidi kidogo ya nusu ya mzigo.

Si kwamba madereva walikuwa wavivu. Magogo hayalingani: mengine manene, mengine membamba, mengine marefu, mengine mafupi. Anayepakia msituni hakai na mizani pembeni, anakadiria kwa macho. Akipitisha kikomo, anakabiliwa na faini. Basi akishaingiwa na shaka anafunga mzigo na kuondoka. Dereva yeyote anayepita mizani ya Vigwaza au ya Mariakani anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa na mtu.

Kampuni ilikuwa imeshawaambia madereva wajitahidi, na neno hilo halikuwa limebadilisha kitu. Ndipo Gary Latham, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alipojaribu jambo dogo ambalo leo linatajwa karibu katika kila kozi ya uongozi wa wafanyakazi. Pamoja na mwenzake James Baldes, aliwapa madereva wa malori 36 lengo moja: asilimia 94 ya uzito halali. Hakuomba asilimia 100, kwa sababu anayelenga kikomo chenyewe kwa macho hawezi kukosa kukivuka siku moja. Asilimia 94 ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa inafikika.

Madereva hawakuahidiwa hata senti moja. Waliambiwa hilo ni jaribio, kwamba hawataongezewa safari, na kwamba mizigo ikipanda halafu ikashuka hakuna atakayeadhibiwa. Aliyefanya vizuri angesifiwa kwa maneno, basi.

Mwezi wa kwanza mizigo ilipanda hadi karibu asilimia 80. Mwezi wa pili ikashuka hadi 70. Meneja wa kawaida angefika hapo akaitisha kikao cha kufokeana. Hakuna aliyefokewa, na baadaye ikajulikana ni kwa nini ilishuka: madereva walikuwa wanaupima uongozi. Walitaka kuona kama ile ahadi ya kutoadhibu ni ya kweli au ni maneno ya kikaoni. Walipoona kimya, mwezi wa tatu wakavuka asilimia 90, na mizigo ikabaki huko miezi iliyofuata. Kwa hesabu ya kampuni, ili kusomba magogo kiasi kile kile kwa mizigo ya zamani ingelazimika kununua malori mengine, na gharama iliyookolewa katika miezi 9 ilifika dola 250,000.

Binafsi naona ule mwezi wa pili ndio wenye somo kubwa kuliko miezi mingine yote, na ndio unaorukwa mara nyingi kisa hiki kinaposimuliwa. Tutaurudia tukifika benki.

Kwa nini namba tupu, bila nyongeza ya mshahara, iliwabadilisha watu waliokuwa wakifanya kazi ile ile kwa malori yale yale? Jibu lilikuwa limeanza kutafutwa na Edwin Locke, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya majaribio mengi katika miaka ya 1960. Aliwapa watu kazi fupi fupi, kundi moja likiambiwa lifanye kadiri liwezavyo na jingine likipewa kiwango mahususi na kigumu. Waliopewa kiwango walifanya zaidi. Na kadiri kiwango kilivyopanda ndivyo na matokeo yalivyopanda, hadi pale uwezo wa mtu ulipokwisha au alipokikataa kiwango chenyewe moyoni. Locke na Latham walikuja kushirikiana kwa miongo kadhaa, na kitabu chao cha mwaka 1990 ndicho kilichoikusanya nadharia yote mahali pamoja.

Ubaya wa neno "jitahidi" ni kwamba halina mstari wa mwisho. Kila mtu anajichorea mstari wake, na kwa kawaida anauchora pale alipofika jana. Dereva aliyebeba asilimia 60 akiulizwa kama amejitahidi atajibu ndiyo, na hatakuwa mwongo. Akipewa 94, mambo manne hubadilika kwa pamoja. Kwanza macho yake yanaelekea kwenye uzito, si kwenye mambo mengine kumi ya safari. Pili, anaongeza nguvu kwa kadiri ya ugumu ulioko mbele yake. Tatu, anavumilia: pale alipokuwa akisema "panatosha," sasa anaongeza gogo jingine. La nne ndilo linalonivutia zaidi. Anaanza kufikiri. Baadhi ya madereva wa Oklahoma walizirekebisha zile nguzo za mbele zinazoshikilia magogo kwenye lori ili waweze kukisia uzito kwa usahihi zaidi. Hakuna aliyewaagiza. Walianza pia kuandika uzito wa mizigo yao na kushindana wao kwa wao, mchezo ambao haukuwezekana zamani kwa kuwa hapakuwa na namba ya kushindania.

Mizani ndiyo iliyofanya haya yote yawezekane. Kila mzigo ulipimwa, dereva akajua papo hapo amekaribia au amekosea, na safari iliyofuata akajirekebisha. Lengo bila majibu ya namna hiyo hufifia haraka, kwa sababu mtu hajui aongeze nini. Ukiangalia vizuri utaona pia kwamba mizani hiyo ilikuwa ngumu kudanganya, na kwamba sheria ilizuia upande wa pili: aliyezidisha alipata hasara. Lengo lilikuwa na sakafu na lilikuwa na dari. Tena kilichopimwa, yaani uzito wa magogo, ndicho hasa kampuni ilichokihitaji, na kilikuwa mikononi mwa dereva mwenyewe. Hali kama hii hutokea mara chache kuliko wakubwa wa ofisi wanavyodhani.

Kuna mahali ambapo hata lengo zuri hukwama: mtu anapokuwa bado hajaijua kazi. Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa jeshi la anga la Marekani, waliokuwa wakijifunza kuongoza ndege kwenye kompyuta, ipi itue wapi na kwa mpangilio gani. Waliopewa lengo gumu la alama mapema, wakiwa bado wanakariri kanuni, hawakunufaika, na kwa wengine lengo lilikuwa kizuizi. Akili iliyotakiwa kushika kanuni ilikuwa inahangaikia alama. Waliopewa lengo hilo baada ya kuizoea kazi ndio liliowasaidia. Kwa mgeni wa kazi, watafiti waliofuata, Latham akiwemo, waligundua kwamba lengo la kujifunza hufaa zaidi: tafuta njia kadhaa za kuifanya kazi hii, badala ya leta kiasi hiki. Mwajiri anayempa muuzaji tageti kamili ya mwezi katika wiki yake ya kwanza angefikiria jambo hili.

Sasa twende benki. Wells Fargo ni moja ya benki kubwa za Marekani, na kwa miaka mingi ilijivunia ustadi mmoja: kumuuzia mteja aliyekwisha kuwa na akaunti bidhaa nyingine juu yake, kama kadi ya mkopo, akaunti ya akiba, huduma ya mtandaoni. Wastani wake ulikuwa kama bidhaa 6 kwa kila kaya, na kaulimbiu ya wakubwa ikawa 8. Lengo lilikuwa mahususi, lilikuwa gumu, na majibu yalikuja haraka mno, maana katika matawi mengi mameneja waliulizwa maendeleo ya mauzo mara kadhaa kwa siku. Ukisoma orodha ya masharti ya nadharia ya Locke na Latham haraka haraka, ungeipa benki hiyo alama nzuri.

Lakini gogo halina hiari na mteja anayo. Dereva akitaka kuongeza mzigo anapakia. Karani wa benki akitaka kuongeza akaunti anahitaji mtu wa upande wa pili akubali, na mtu mwenye akaunti ya mshahara na kadi moja mara nyingi hahitaji kitu cha tatu, sembuse cha nane. Namba ilidai jambo ambalo karani hakuwa na mamlaka nalo. Kilichokuwa mikononi mwake ni kompyuta.

Mashitaka yaliyofunguliwa na mwanasheria wa jiji la Los Angeles mwaka 2015 yalieleza mbinu moja moja. Karani aliziweka pembeni fomu za wateja wa Desemba ili azifungue Januari, mwezi wa kampeni kubwa ya mauzo. Mwingine alimwambia mteja kwamba akaunti aliyoitaka haitolewi peke yake, sharti achukue na nyingine. Wapo waliotoa kadi kwa jina la mteja asiyejua na kumwekea namba ya siri wao wenyewe, na wapo waliofungua akaunti mpya na kuhamishia humo fedha za mteja kidogo ili ionekane inatumika. Septemba 2016 benki ilipigwa faini ya dola milioni 185. Ilikadiriwa wakati huo kwamba akaunti na maombi ya kadi takribani milioni 2 huenda yalifanywa bila ridhaa, na idadi hiyo iliongezeka uchunguzi ulipoendelea. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi katika miaka mitano. Mkurugenzi mkuu, John Stumpf, aliondoka Oktoba mwaka huo, na mwaka 2020 benki ilikubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza kesi za serikali kuu.

Idadi ile ya waliofukuzwa ndiyo inayoonyesha ugonjwa ulipokuwa. Ukimkamata karani mmoja anaghushi, una mwizi mmoja. Ukifukuza maelfu na bado wengine wanaendelea, basi chanzo kiko kwenye mpango wenyewe. Hapa ndipo ule mwezi wa pili wa Oklahoma unapoonyesha thamani yake. Madereva waliposhusha mizigo, uongozi ulikaa kimya, nao wakajua kwamba kusema ukweli ni salama. Karani wa Wells Fargo aliyeleta namba ndogo iliyo ya kweli alihatarisha kazi yake, na jirani yake aliyeleta namba kubwa ya uongo alisifiwa mbele ya wenzake. Baada ya miezi michache waliobaki wanajua la kufanya.

Wala si lazima fedha iwepo ndipo watu wadanganye. Maurice Schweitzer, Lisa Ordóñez na Bambi Douma walichapisha mwaka 2004 jaribio ambalo washiriki walitunga maneno kutokana na herufi walizopewa, kisha wakajisahihishia wenyewe. Waliopewa lengo mahususi walitia chumvi zaidi kuliko walioambiwa wajitahidi tu, hata pale ambapo kufikia lengo hakukuwa na malipo. Na waliodanganya zaidi ni wale waliobakiza kidogo. Aliyekosa kwa mbali anakubali yaishe, ila aliyebakiza neno moja anaona uchungu kulikosa.

Kutokana na hilo meneja anapata kipimo kisichohitaji mkaguzi. Chukua matokeo ya watu wote na uyapange. Kazi ya kweli hutawanyika: wapo wanaokosa kwa kidogo, wapo wanaopita kwa kidogo, wapo wa mbali kila upande. Ukikuta tageti ni 20 na watu wamejazana kwenye 20 na 21 huku 18 na 19 ikiwa tupu, kuna mtu anasukuma namba. Dalili nyingine ni kazi kulundikana siku mbili za mwisho wa mwezi, na bidhaa kurudishwa au akaunti kulala bila kuguswa wiki chache baadaye.

Udanganyifu angalau huacha alama. Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani kwenye vitabu, nayo hulikumba kundi linalotegemeana. Terence Mitchell na William Silver walichapisha mwaka 1990 jaribio la vikundi vidogo vilivyojenga minara kwa vipande vya mbao. Kazi ilihitaji kupokezana, huyu akiweka mwingine anasubiri. Vikundi ambavyo kila mtu alipewa lengo lake binafsi peke yake vilifanya vibaya kuliko vikundi vilivyokuwa na lengo la pamoja, na hata kuliko vile visivyopewa lengo lolote mahususi. Kila mtu alikimbilia kuweka vipande vyake, wakashindana mahali pa kushirikiana. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za makundi uliochapishwa na Ad Kleingeld na wenzake mwaka 2011 ulifikia matokeo yanayofanana: lengo gumu la kundi huinua kazi ya kundi, na lengo binafsi la kujitazama huishusha. Lengo binafsi lililoandikwa kwa namna ya mchango wa mtu kwa kundi halina ubaya huo.

Tuiweke katika ofisi tunayoijua. Huu ni mfano wa kubuni tu. SACCOS ina maofisa mikopo watatu, Rehema, Juma na Neema. Rehema ni mzoefu wa kukagua dhamana, Juma anafahamika sokoni, Neema ana miezi miwili kazini. Kwa mwezi ofisi hutoa mikopo mipya 36. Bodi inataka 48, na meneja anagawa sawasawa: kila mtu 16.

Wiki ya kwanza mambo yanakwenda. Wiki ya pili Neema anapata ombi la mwenye duka, hati ya kiwanja ina majina mawili, anamwomba Rehema aiangalie. Zamani Rehema angeacha kalamu dakika 20. Sasa ana maombi yake 7 na anahitaji 9 zaidi. Anamwambia, "Mdogo wangu, niache kwanza nimalize haya yangu." Hajamnyima kwa roho mbaya. Dakika zile 20 zimepata bei, na bei hiyo analipa yeye. Juma naye alikuwa na kawaida ya kumpelekea Rehema wateja wenye dhamana ngumu, na sasa anabaki nao mwenyewe na kuwakagua juu juu. Neema, ambaye alipaswa kupewa lengo la kujifunza, anapitisha ile hati yenye majina mawili ili afikishe 16. Mwisho wa mwezi ofisi inaripoti mikopo 47 na bodi inapiga makofi. Miezi mitano baadaye marejesho yanaanza kuchelewa, na kwa kuwa kumsaidia mwenzako hakukuwa na safu kwenye fomu yoyote, hakuna anayekumbuka kwamba kuliwahi kuwepo na kukakoma.

Ningekuwa meneja huyo, ningeweka namba moja ya ofisi nzima, mikopo 44, na pembeni yake namba ya pili inayovuta upande mwingine: kati ya kila mikopo 20, angalau 19 iwe inarejeshwa kwa wakati katika siku 90 za kwanza. Hiyo ya pili inafanya kazi iliyofanywa na kikomo cha sheria kule Oklahoma, kuwazuia watu wasizidishe upande mmoja. Kwa Rehema ningeandika mchango wake kuwa kukagua dhamana zote ngumu za ofisi ndani ya siku mbili, hata kama hatoi mikopo mingi kwa jina lake. Juma angeleta waombaji. Neema angetakiwa aweze, mwezi ukiisha, kutambua kasoro za kawaida za hati na kuzieleza. Na mwezi wa pili namba zikishuka, ningeuliza kabla ya kukasirika.

Mjadala wa kitaalamu kuhusu haya haujawa wa upole. Mwaka 2009 Ordóñez, Schweitzer, Adam Galinsky na Max Bazerman walichapisha makala wakisema malengo yanagawiwa ovyo, na kwamba yanapaswa kutolewa kama dawa kali, pamoja na onyo la madhara yake. Locke na Latham walijibu kwa ukali mwaka huo huo, wakiwashutumu kwa kuegemea visa vilivyochaguliwa na kuacha miongo ya tafiti. Nikisoma pande zote mbili naona hawapingani juu ya jambo la msingi: namba huvuta. Wanachogombania ni nani abebe lawama inapovuta watu kuelekea shimoni. Wells Fargo yenyewe iliyaondoa malengo ya mauzo ya bidhaa kwenye matawi kuanzia Oktoba 2016.

Namba ya pamoja nayo ina doa lake. Katika kundi la watatu kila mmoja anamwona mwenzake, na anayetegea anajulikana kabla ya saa sita. Kundi likifika watu 20, kutegea kunakuwa rahisi, kwa kuwa mchango wa mmoja unapotea ndani ya jumla. Kwa ofisi kubwa kama hiyo ni heri kuwagawa katika vikosi vya watu watatu au wanne wanaofanya kazi meza moja, kila kikosi na namba yake, mradi vikosi hivyo visiwe vinagombania wateja wale wale.